Neno Lililokatwa Kichwa

Hotuba ya mhudumu wa afya mstaafu kwa wanafunzi wa kozi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kusini mwa Tanzania

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi vijana, hamjambo.

Nimeombwa niwasimulie habari ya simu ya upepo. Wengine mnaiita redio kol, na wengine hamjawahi kuiona, maana mmezaliwa mkakuta simu za mkononi zimeshajaa mifukoni. Mwalimu wenu aliniambia nizungumzie mawasiliano ya dharura. Hilo ni jambo pana, na mimi sina sauti ya kulizunguka lote. Nitawasimulia asubuhi moja tu, na maneno matatu niliyoyasikia asubuhi hiyo.

Ilikuwa Machi 1998. Wenye umri wangu wanaikumbuka masika ile, iliyokuja nyuma ya mvua za El Niño. Barabara zilikatika, madaraja yalikwenda na maji. Kijiji chetu kiko upande wa mto Ruvuma, na kutoka kwetu hadi hospitali ilikuwa kilomita 90 za udongo, katikati kuna kijito ambacho kiangazi unakivuka viatu mkononi, na masika kinakuwa mto kamili. Mganga wa zahanati alikuwa amekwenda wilayani kuchukua chanjo, maji yakamfungia huko. Nikabaki mimi, mhudumu wa afya wa kijiji, na ufunguo wa chumba cha redio.

Redio yenyewe ilikuwa kisanduku cha kijivu juu ya meza, betri ya gari chini ya meza, sola juu ya bati, na waya wa antena uliotandazwa kati ya mwembe na nguzo, kama mita 28 kutoka ncha hadi ncha. Kila kituo kilikuwa na namba. Sisi tulikuwa Kituo Nane. Shikeni jina hilo, Kituo Nane, kwa sababu ndilo lililookoa mguu wa mtu.

Saa tisa usiku naamshwa na kelele za watu uani. Baba mmoja kambeba mwanawe wa miaka 11. Mtoto alikuwa amelala dungu na kaka zake wakilinda mpunga dhidi ya nguruwe, akashuka gizani kujisaidia, akamkanyaga nyoka. Nyoka wamemuua, wamemleta kwenye kigunia. Mnene, mfupi, kichwa kipana, mgongoni michoro kama mishale iliyopangwa. Kifutu, wengine mnamwita moma. Kwenye mguu, juu kidogo ya kifundo, matundu mawili, na mguu umeanza kuumuka.

Niliyofundishwa niliyafanya. Nilimlaza. Nilikata ushanga aliokuwa amefungwa kifundoni, maana mguu ukivimba, ushanga huo unageuka kuwa waya wa kukatia. Nilitafuta vipande viwili vya mti nikaufunga mguu kama uliovunjika, kitambaa kipana, kwa kulegea kiasi cha kidole kupita, ili mtoto asiuchezeshe. Kisha nikachukua kalamu nikachora mstari pale uvimbe ulipokomea, na pembeni ya mstari nikaandika saa. Kila nusu saa mstari mwingine. Mkifika hospitali, mistari ile inamwambia daktari kitu ambacho mdomo wako hauwezi kumwambia: sumu inakwenda mbio kiasi gani.

Halafu nikaingia chumba cha redio.

Sasa hapa niwaeleze jambo la anga, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Sauti ya simu ya upepo haiendi kwa kufuata ardhi. Inapanda juu, inagonga tabaka la hewa lenye chaji za umeme, kama kilomita 300 juu yetu, inarudi chini. Tabaka lile linalishwa na jua. Usiku halina wa kulilisha, linapungua polepole, na wakati linapokuwa jepesi kuliko wakati wote ni kabla tu ya alfajiri. Mmewahi kurusha kijiwe juu ya maji? Ukikirusha kwa kulalia, kinadunda na kwenda mbali. Ukikiangusha wima, kinazama. Basi na sauti ni hivyohivyo. Kituo kilicho karibu, kilomita 90, sauti inabidi ipande karibu wima ili irudi kwake, na saa tisa usiku inatoboa tabaka na kupotelea huko. Kituo cha mbali sauti inalifikia tabaka kwa kulalia, inadunda, inafika.

Ndiyo maana niliita hospitali mara sita, sikupata hata pumzi ya mtu, na wakati huohuo nawasikia Wareno wa Msumbiji wakiongea kama wamekaa kitandani kwangu. Mgeni wa redio hapo anadhani mashine imeharibika. Haijaharibika. Ukisikia wa mbali wanavuma na wa jirani kimya, hilo ni anga.

Nikafanya tuliloliita kupitisha. Nikauliza: kituo chochote kinachonisikia, nina dharura. Akajibu kijana wa zamu ya usiku upande wa Tabora, zaidi ya kilomita 700. Nilimpa maneno machache, maana ukisikiliza redio ile inakula umeme kidogo tu, lakini ukibonyeza kusema inaunywa, na betri yangu ilikuwa na siku mbili haijaona jua la maana. Nilijua kwa kutazama taa ya mbele ya mashine: kila nikitamka, taa inafifia. Taa ikifuata mdomo wako namna hiyo, fupisha maneno. Nikamwambia: mtoto miaka 11, kifutu, mguu, saa nane usiku, nahitaji ushauri na gari. Yeye naye kwa hospitali yetu alikuwa wa mbali, kwa hiyo alimpata mtu wao. Akarudi kwangu: “Mama Nane, wamekupata. Wanamwamsha daktari. Redio iache wazi.”

Nikakaa.

Uani watu wameongezeka. Amekuja mzee mmoja mtabibu wetu wa dawa za asili, mtu niliyemheshimu na ninayemheshimu hata leo kaburini alipo. Alikuja na wembe mpya kwenye karatasi yake na dawa ya kusugua. Baba wa mtoto ana kamba ya katani mkononi, ameshaikunja. Kwetu, kama kwingi, mtu akiumwa na nyoka anafungwa juu ya jeraha kwa nguvu, anachanjwa, sumu “inatolewa”. Niliwaambia: shikamoo babu, naomba tusubiri sauti ya daktari. Babu akaniitikia marahaba, akakaa chini. Hakuwa mtu wa ubishi. Lakini wembe hakuurudisha mfukoni.

Saa kumi na mbili kasoro robo, giza bado lipo kwetu, redio ikaanza kukoroma. Kule juu kwenye tabaka jua huchomoza zaidi ya saa nzima kabla halijachomoza kwetu chini, kwa hiyo anga ilikuwa imeshaanza kulishwa. Lakini ilikuwa kama mtu aliyeamka nusu. Sauti inakuja, inazama, inarudi, na ndani yake ule mkwaruzo kama mchele unaopepetwa. Kwanza ilikuja sauti ya bata, kwek-kwek, ile inayotokea mashine mbili zikiachana kidogo kwenye masafa. Nikazungusha kinobu kidogo kidogo hadi bata akawa mtu.

Nilikuwa na daftari. Nawasomea nilivyoandika, maana ukurasa ninao hadi leo:

“… tuo nane, … tuo nane. … (kelele) … mfunge mguu. … mchanje. … (kelele) … mpe aspirini. … (kelele ndefu) … litavuka. Saa tatu. … va.”

Kimya.

Watu wote walisikia. Spika ya redio ile ilikuwa inasikika hadi uani. Baba wa mtoto akasimama na kamba yake: “Dada, si umesikia? Mfunge mguu.” Babu naye akaufungua wembe, pole pole, bila kunitazama. Na kwa kweli, ndugu zangu, maneno yalikuwa wazi. Mfunge mguu. Mchanje. Mpe aspirini. Litavuka, saa tatu. Kelele hazikuyagusa maneno yale. Yalikuwa kati ya kelele na kelele, safi kama ninavyowasemesha hapa.

Hapo ndipo nataka tukae.

Kitu cha kwanza kilichonizuia ni kwamba amri zile zilikuwa kinyume na nilichofundishwa. Lakini nisijisifu: hicho peke yake kisingetosha. Daktari ni mkubwa wangu, labda kifutu wa mtoto ana utaratibu wake, labda mafunzo yamebadilika. Nani mimi? Kama ningekuwa na hoja hiyo tu, ningemwachia baba afunge.

Kilichonizuia hasa ni “tuo nane”.

Jina la kituo changu nalijua. Ni Kituo Nane. Aliliita mara mbili, na mara zote mbili nilisikia “tuo nane”. “Ki” haikuwepo. Na mwishoni, badala ya “ova”, neno la kusema nimemaliza, zamu yako, nilisikia “va”. Kelele za anga hazichagui. Zinakula katikati ya neno, zinakula mwisho, zinakula sentensi nzima. Sasa hizi kelele gani zenye adabu ya kula silabi ya kwanza tu, kila mara, na kuacha zilizobaki? Hiyo si anga. Huyo ni mtu. Ni mtu anayeanza kusema kabla kidole hakijakibonyeza kitufe sawasawa, halafu anakiachia kila mwisho wa sentensi na kukibonyeza tena.

Kitufe kile ukikibonyeza, mashine inabadilika kutoka kusikiliza kwenda kusema. Inachukua muda mdogo sana, mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini silabi moja au mbili nazo ni ndogo. Mtu mwenye haraka, aliyeamshwa, mwenye karatasi ya daktari mkono mmoja na maiki mkono mwingine, anatamka na kubonyeza kwa pamoja. Kichwa cha kila sentensi kinabaki chumbani kwake.

Basi nikajiambia: kama “Kituo” imekuwa “tuo”, na “ova” imekuwa “va”, je, “mfunge” ilikuwa nini kabla haijakatwa?

Mnaona? Lugha yetu hii tamu, kukanusha tunakuweka kichwani. Mpe, usimpe. Mfunge, usimfunge. Mchanje, usimchanje. Kata “usi” na kilichobaki si neno kilema ambalo mtu atalishangaa. Kimebaki neno zima, fasaha, lenye sarufi yake, lenye maana kamili, na maana yenyewe ni kinyume cha ile iliyotumwa. Hata irabu ya mwisho haikusaidii, maana “mfunge” ya kuamuru na “mfunge” iliyotoka kwenye “usimfunge” zote zinaishia na e. Na “litavuka”? Ongeza “ha” mbele yake. Gari halitavuka.

Nikawaambia wazee: nipeni dakika 20. Baba akasema mtoto anakufa. Nikamwonyesha mistari ya kalamu. Uvimbe ulikuwa umepanda vidole viwili tangu mstari wa mwisho. Ulikuwa unakwenda, ndiyo, lakini mtoto anapumua vizuri, kope zinafunguka, anajibu akiulizwa, na fizi hazitoi damu. Angekuwa ameumwa na koboko, nisingekuwa na dakika 20 za kumpa mtu yeyote, na redio isingenifaa kitu, maana sumu yake inasimamisha pumzi. Kifutu anaua nyama na kuharibu damu, na kazi hiyo inachukua saa nyingi. Muda wa kuuliza ulikuwepo.

Ndiyo hapo nikajua pia kwa nini wembe ule ungekuwa msiba. Sumu inayoharibu mgando wa damu, ukimchanja mtu, chale haifungi. Na kamba? Sumu ya kifutu inaoza nyama pale ilipo. Ukiifungia kwa kamba kwenye mguu ambao damu haipiti, umeifungia kazini. Na aspirini nayo inazidisha kutoka damu, mwenye maumivu hayo anapewa panadoli. Amri zote tatu, kama nilivyozisikia, zilikuwa za kumuua.

Saa kumi na mbili na dakika tano nikaita. Anga ilikuwa imekaza kidogo. Sasa, nitaulizaje? Ningeuliza “nisimfunge?” angenijibu “usimfunge”, na mimi nikasikia “mfunge”. Ningeuliza “umesema nimfunge?” angenijibu “hapana”, nikasikia “pana”, au nisisikie chochote. Swali lazima liwe na majibu mawili ambayo hata yakikatwa vichwa hayafanani. Nikamuuliza:

“Hospitali, Kituo Nane. Swali moja. Mguu: kamba, au wazi? Jibu kwa neno moja, lirudie mara tatu. Ova.”

Ikaja: “… zi. Wazi. Wazi.”

Mnasikia? La kwanza lilikatwa. La pili na la tatu yalipona, maana kidole sasa kilikuwa kimeshabonyeza.

“Swali la pili. Wembe: tumia, au tupa? Mara tatu. Ova.”

“… pa. Tupa. Tupa.”

Babu alikuwa mlangoni. Alisikia kwa masikio yake kutoka kwa redio, si kutoka kwangu, na hilo lilinisaidia sana. Akaukunja wembe kwenye karatasi. Akasema, “Haya mwanangu,” akaja akamshika mtoto mkono, akakaa naye. Mtoto alitulia kuliko alivyotulia kwangu.

“Swali la tatu. Gari linasubiri wapi: kwangu au ng'ambo?”

“… ambo. Ng'ambo. Ng'ambo. Maji. Gari limetoka saa kumi na moja.”

Kama ningeamini “litavuka, saa tatu”, tungekaa zahanati tukisubiri gari hadi mchana, na gari liko ng'ambo ya mto linatusubiri sisi. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, jua linachomoza, vijana wanne na kitanda cha kamba kilichotiwa miti miwili. Mtoto alilazwa kwa ubavu wa kushoto kwa sababu alikuwa ameanza kutapika. Mtumbwi tuliupata kwa mvuvi. Gari lilifika ng'ambo saa tatu na nusu.

Hospitali walimtoa damu kidogo, wakaiweka kwenye kichupa kikavu cha kioo, wakaiacha dakika 20 bila kuigusa, wakakiinamisha. Damu ya mtu mwenye afya ingekuwa imeganda. Yake ilimwagika kama maji. Wakampa dawa ya kuzuia sumu ya nyoka kwenye mshipa, kipimo kilekile anachopewa mtu mzima, maana nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyemuuma ni mtoto. Dawa ile wasiiombe kijijini kwenu, tafadhali, mara nyingine huleta mshtuko mkali, na anayeitoa lazima awe na adrenalini karibu. Damu yake ilirudi kuganda. Nyama iliyokuwa imeshakufa haikurudi, hilo dawa haiwezi. Alikaa wodini wiki kadhaa, akatoka na kovu kubwa na mguu unaokanyaga. Leo ni baba wa watoto na analima mpunga palepale, ila haendi tena kujisaidia bila tochi.

Siku ya pili pale hospitali nilikwenda chumba cha redio. Aliyekuwa zamu alikuwa kaka mmoja mpole sana, mchovu, macho mekundu. Nilimkuta anaongea na kituo kingine nikamtazama mkono wake. Ilikuwa vilevile nilivyodhani: maiki iko njiani kuelekea mdomoni, mdomo umeshaanza. Nilipomsomea daftari langu, alikaa kimya, halafu akanionyesha karatasi ya daktari. “USIMFUNGE MGUU. USIMCHANJE. USIMPE ASPIRINI. GARI HALITAVUKA.” Daktari aliandika vizuri, kaka alisoma vizuri, na mimi niliandika nilichosikia. Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa nini, kwa robo ya sekunde?

Tukakaa, yeye na mimi, tukakubaliana mambo ambayo baadaye vituo vyetu vyote vilifuata. La kwanza ni kubonyeza, kuhesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. La pili tuliliita neno la kafara: kila sentensi ianze na neno ambalo likiliwa hatudai kitu. Sisi tulitumia “sikiliza”. Redio ikila “sikiliza”, acha ishibe.

La tatu ndilo lililotuchukua muda. Tuliamua kuacha kabisa “usi” na “ha” kwenye maagizo ya tiba. Badala ya “usimfunge” tunasema “marufuku kumfunga”. Badala ya “halitavuka” tunasema “gari linabaki ng'ambo”. Jaribuni kukata kichwa hapo. “Marufuku” ikipotea yote, kimebaki “kumfunga”. Kumfunga nini? Nani? Hiyo si amri, mtu yeyote atauliza. Tulichotaka ni hicho: neno likikatwa, libaki kilema, lionekane kuwa ni kilema. Lisibaki likitembea kwa miguu miwili na kutoa amri nyingine.

Kuna namba pia. “Nne” na “nane” kwenye mkwaruzo ni mapacha. Tulizoea kuzihesabu kutoka moja: vidonge, moja, mbili, tatu, nne. Inachosha, lakini vidonge nane kwa mtoto vinachosha zaidi.

Najua mtaniambia, bibi, sisi tuna simu. Vizuri. Nani hapa hutumia ujumbe wa sauti? Wote. Nani amewahi kupokea ujumbe wa sauti ulioanzia katikati ya neno? Naona mikono, wengine mnacheka. Kitufe ni kilekile. Unabonyeza na kusema kwa pamoja, na simu nayo inahitaji kupepesa jicho ndipo ianze kurekodi. Msimamizi wako anakutumia “usimpe ya pili hadi nifike”, wewe unapokea “mpe ya pili hadi nifike”. Hilo la “hadi nifike” angalau linasikika vibaya, litakushtua. Yapo ambayo hayatakushtua. Na hizi redio ndogo za mkononi mnazopewa kwenye kampeni za chanjo, zile zinazopitia mnara wa kilimani, ni mbaya zaidi, maana ukibonyeza yako, mnara nao una muda wake wa kuamka.

Nimeona mwalimu kaleta mbili, zile pale mezani. Wewe binti wa mbele, njoo uchukue moja. Na wewe kijana wa mwisho kabisa, chukua nyingine utoke nje, nenda mpaka kwenye mti ule, ufunge masikio kwa sauti za humu. Binti, nitakupa karatasi yenye maagizo manne. Yasome kama yalivyoandikwa. Kijana ataandika anachosikia, na pale asiposikia aache nafasi wazi na kuweka vidoto, asijaze kwa kubuni.

Haya. Bonyeza.

Bado, usiseme. Hesabu.

Sasa.